Tupeane uzoefu: ukitoa usingizi, daladala, mapishi na kazi za nyumbani, kwa wiki unabaki na saa ngapi?

Mama_Nkuhungu: Jana binti yangu kaniuliza, "Mama, wewe unapumzika lini?" Nikakosa la kumjibu. Usiku nikachukua daftari. Wiki ina saa 168. Usingizi 49, kazini 40. Nkuhungu hadi Mtumba ni daladala mbili, kwenda na kurudi saa 3, siku 5 ni 15. Kupika na kula 21. Kufua, usafi, soko la Majengo na kujaza maji, 16. Zimebaki 27. Mbona sizioni?

Kijana_Kisasa: Hesabu rahisi dada. Siku ina 24, toa 8 za kazi na 8 za kulala. Mara 7 ni 56.

Mama_Nkuhungu: Na ugali unajisonga?

Mlinzi_Ihumwa: Mimi nalinda saa 12 usiku, siku 6. Hiyo ni 72 kabla sijapanda gari. Mchana nalala, watoto wanapiga kelele.

Fundi_Cherehani: Mama, hujaweka kuoga na kujiandaa. Saa 1 kwa siku, unabaki na 20. Mimi niliandika wiki nzima, kila nikibadilisha kazi natazama saa. Jumla ikaja 181! Nilihesabu maharage yakiwa jikoni, na papo hapo nikahesabu kushona. Zile 13 zilikuwa zimehesabiwa mara mbili. Andika kazi moja tu kwa kila saa, ile inayokushika mikono. Isipofika 168 kamili, kuna kosa.

Zuzu_Kwetu: Kweli tupu.

Mama_Nkuhungu: Maji nayo? Kwetu mgao ukija ni saa 8 usiku. Mwaka juzi nilikuwa na mtihani kesho yake. Nikafungulia bomba, nikakaa na kitabu pembeni ya pipa, usingizi ukanipitia. Nimeamka maji yako chini ya kitanda, mtoto analia, vitabu vimelowa. Nilikausha sakafu mpaka alfajiri. Mtihani nilifeli.

Zuzu_Kwetu: Pole sana dada yangu! Nunua boya la kufunga maji.

Kijana_Kisasa: Baba watoto alikuwa wapi?

Mama_Nkuhungu: Kalala. Yeye ana saa 40 za bure kwa sababu 16 zangu ni za nyumba yake pia.

Baba_Chamwino: Tusiwaseme waume wote. Mimi nafua.

Fundi_Cherehani: Turudi kwenye zile 20. Usizijumlishe tu, tazama zimekaaje. Dakika 20 ukingoja gari na 15 kabla ya kulala haziwezi kusomewa. Zungushia vipande vinavyofika saa 1 mfululizo.

Mama_Nkuhungu: Nimezungushia. Jumamosi saa 10 hadi 12 jioni, Jumapili saa 8 hadi 11. Saa 5 basi.

Baba_Chamwino: Ibada umeiweka wapi?

Mama_Nkuhungu: Ndani ya zile 20.

Baba_Chamwino: Ibada si saa ya bure.

Zuzu_Kwetu: Kwangu ni ya bure, ndipo napumzika.