Faili ya Jumatatu

Shangazi Tatu: Wanangu, Jumatatu jioni nikipunguza meseji nimefuta gumzo lote na fundi, na vipimo vya madirisha vimo humo. Linarudi kweli?

Salim: Rahisi shangazi. Ondoa WhatsApp, iweke upya, ikikuuliza kurejesha ukubali. Kila kitu kinarudi.

Neema: Shangazi usiguse! Itarejesha bakapu ya mwisho, ya alfajiri ya leo Alhamisi, na gumzo halimo humo. Simu hutengeneza bakapu kila siku saa nane usiku na kubakiza za siku saba hivi. Fungua programu ya faili uende hapa, uniambie unaona nini:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Databases
```

Shangazi Tatu: Naona nyingi. Moja haina tarehe, nyingine zina tarehe. Ipo `msgstore-2025-03-11.1.db.crypt14`, ipo pia ya 10.

Salim: Si ulifuta Jumatatu usiku? Chukua ya 11, ni mpya zaidi.

Neema: Hapana. Ya 11 ilitengenezwa saa nane usiku wa kuamkia Jumanne, gumzo limeshakwenda. Chukua ya 10. Ila kwanza nakili folda nzima ya Databases uipeleke Download, usije ukajuta.

Baba Juma: Na picha za harusi nilizofuta mimi nazo zimo humo?

Neema: Hapana baba, humo ni maandishi. Picha zina folda yake, Media.

Shangazi Tatu: Nimenakili. Sasa?

Neema: Ondoa WhatsApp. Kisha rudi Databases. Ukiikuta tupu, zirudishe kutoka Download. Isiyo na tarehe ibadilishe jina, iite hata `zamani`. Halafu ile ya 10 iite hivi, namba ya mwisho ibaki ileile 14:

```
msgstore.db.crypt14
```

Weka WhatsApp upya kwa namba yako ileile, ukiulizwa rejesha.

Salim: Mimi nilibadilisha 14 ikawa 12, nikaambiwa hakuna bakapu. Kumbe!

Baba Juma: Mimi bakapu zangu ziko pia Google Drive. Itachagua ipi?

Neema: Hapo ndipo mtu anapochanganyikiwa, baba, inaweza kukimbilia ile ya Drive. Tuonane nikaione simu. Shangazi hakuwahi kuwasha bakapu ya Drive, hana shida hiyo.

Shangazi Tatu: Limerudi gumzo la fundi! Lakini meseji zenu za Jumanne mpaka leo sizioni.

Neema: Ndivyo ilivyo, umerudi alfajiri ya Jumatatu. Za mpaka alfajiri ya leo zipo kwenye nakala iliyo Download, usiifute.

Shangazi Tatu: Sawa. Ila fundi alinirekebishia kipimo cha dirisha la jikoni Jumatatu mchana. Hicho sikioni.

Neema: Jumatatu mchana… hapo hakuna faili itakayokusaidia. Ya 10 ilitangulia, na kabla ya ile ya 11 ulishafuta.

Salim: Mpigie fundi, shangazi. Kwake hukufuta.