Mrejesho: huduma iliyokuwa ikianguka kila wiki

Niliuliza: "Huduma yetu ya malipo inaanguka kila baada ya siku nane au tisa. Tukiiwasha upya inarudi. Shida iko wapi?"

Wakuu, nimerudi. Asanteni mlionisukuma niulize "kwa nini" mara tano.

Kwa nini inaanguka? Diski imejaa. Kwa nini imejaa, ilhali `du` haionyeshi faili kubwa? Hapo ndipo tulikuwa tunakwama, tunaongeza diski. Safari hii, kabla ya kuwasha upya, tuliandika amri ya kuorodhesha faili zilizofutwa ila bado zimefunguliwa:

```
lsof +L1
```

Likatokea faili la logi la GB 38, pembeni limeandikwa `(deleted)`. `logrotate`, inayozungusha logi na kufuta za zamani, ililifuta, lakini programu ilikuwa bado imelishikilia na inaendelea kuliandika. Kwa nini? Haikuambiwa ifungue faili jipya, mpangilio wetu wa `logrotate` hauna sehemu ya `postrotate` ya kuiambia hivyo. Kwa nini hauna? Tulipohamia seva mpya uliandikwa upya kwa haraka. Na kwa nini hakuna aliyeukagua? Orodha yetu ya kuhamisha huduma haikuitaja `logrotate` kabisa.

Ndiyo maana kuwasha upya kulionekana dawa: programu ikizimwa nafasi inaachiliwa, na ushahidi unapotea papo hapo. Iliniuma sana kuona tulivyokuwa tukiufuta wenyewe.

Tumerekebisha mpangilio na orodha pia. Leo siku ya 20, diski iko asilimia 41.