Raba zina faida kuliko chupa za chai, mbona hela siioni?

Binti_wa_Mtaani: Wakuu, naomba msaada. Nauza mtandaoni, niko Dar. Raba nachukua Kariakoo 22,000, nauza 40,000. Chupa za chai nachukua 17,000, nauza 28,000. Jukwaa linakata kamisheni 12%, usafiri nalipa mimi 3,500 kwa mzigo, boksi na selotepu 700. Faida ghafi ya raba ni 45%, ya chupa 39%, ndiyo maana nimejaza raba chumba kizima. Nakosea wapi?

Chapaa255: 45% umeitoa wapi? 18,000 kwa mtaji wa 22,000 ni kama 82%. Halafu toa kamisheni 4,800, usafiri na boksi, unabaki na 9,000 kila pea. Kaza na raba.

MzeeWaDaftari: Chapaa, wewe umegawanya kwa mtaji, yeye kwa bei ya kuuzia. Kamisheni nayo inakatwa kwenye bei ya kuuzia, kwa hiyo twende na yake. Hiyo 9,000 ni ya pea isiyorudi. Dada, kati ya raba 10 ulizotuma, ngapi zinarudi?

Binti_wa_Mtaani: Kama 3, saizi zinagoma. Kurudisha nalipa 3,000. Juzi moja ilirudi soli imechakaa, nikaitupa kwa 10,000. Chupa hazirudi.

MzeeWaDaftari: Basi hela yako iko barabarani. Pea 7 zilizobaki kwa wateja zimekupa faida ghafi 126,000. Kamisheni yake 33,600. Lakini usafiri na boksi umelipia pea zote 10, hiyo 42,000. Kurudisha 9,000, hasara ya ile iliyochakaa 12,000. Unabaki na 29,400, yaani 10.5% ya mauzo. Chupa 10 zinakuachia 34,400, zaidi kidogo ya 12%, tena kwa mtaji mdogo.

Mama_Madira_Msa: Kwangu Mombasa madira hayarudi kwa saizi. Mteja anaagiza, boda akifika hashiki simu! Nauli imekwenda bure.

Chapaa255: Sawa, nimekubali. Basi apandishe raba iwe 43,000.

MzeeWaDaftari: Katika hiyo 3,000 kamisheni inakula 360, na zinazorudi zitaendelea kurudi. Mimi ningeanza na saizi: pima soli ya ndani kwa sentimita, weka picha ya rula ikiwa ndani ya kiatu. Zikirudi 1 badala ya 3, bila kuchakaa, unapata 73,800 kwa kila 10. Pia kagua taarifa ya malipo. Hesabu yangu inachukulia kamisheni ya pea zilizorudi unarudishiwa.

Binti_wa_Mtaani: Nimefungua sasa hivi. Kuna pea mbili zilirudi mwezi uliopita, 4,800 zake sizioni popote. Nawaandikia.