Aliyeuliza "Huyu Mhashamu ni nani?" mbele ya wazee, leo namjibu hapa

Katibu_Mpakani

Sitamtaja. Hakuna haja. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha parokia upande huu wa Nile anamjua: kalamu nyekundu mfukoni, hata ukimpa risiti ya chumvi ataisahihisha.

Parokia yetu ina Walugbara, Waaluri, Wakongo waliovuka mpaka na familia za askari. Barua zetu tunaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ambayo wazee wote wa kamati wanaielewa bila mkalimani. Nikaandika barua ya kumwalika Askofu aje kutoa Kipaimara. Nikaanza inavyoanza: "Mhashamu Baba Askofu, Tumsifu Yesu Kristo!" Nikasimama kuwasomea wazee. Sijafika hata kwenye kichwa cha barua, bwana mkubwa akanyanyua mkono.

"Samahani katibu, huyu Mhashamu ni nani? Askofu wetu haitwi hivyo."

HAITWI HIVYO. Alidhani ni jina la mtu! Na wazee wakacheka, wakanicheka mimi, hadi nikadhani mabati yatang'oka. Mzee mmoja akaniuliza kwa huruma kama nimekosea jimbo.

Basi akachukua karatasi, akapiga mstari mwekundu juu ya Mhashamu, akaandika "Mpendwa Askofu". Mwishoni nilikuwa nimeweka "Wanao katika Kristo", akakata, akaandika "Wako kweli". Wako kweli! Kwani kuna aliyedai ni wa uongo? Kisha katikati, kila nilipoandika "tunakualika uje", akageuza "tunawaalika mje", eti mkubwa haambiwi "wewe". Akaipeleka ichapwe upya, akaitia sahihi yeye mwenyewe, na chini yake: "Kny. Katibu". Kwa niaba yangu!

Leo asubuhi ofisi ya Askofu imenipigia simu. Wanauliza kwa upole kabisa: "Katibu, barua yako inasema mnawaalika. Askofu na nani? Anakuja na mapadre wangapi, na mmewaandalia wote?" Nikakosa la kusema. Na yeye, nilipompigia, alisema nini? "Barua ni ya katibu."

Huyu Mhashamu ni nani. Mbele ya wazee. Tangu Jumapili sijala chakula kikashuka vizuri.

Boda_wa_Stendi

Ssebo, maneno yote haya kwa ajili ya neno moja? Askofu atakuja, atakula kuku, atarudi. Pole lakini.

Mwalimu_Jioni

Mnamsakama mzee wa watu bure. "Mpendwa" iko kwenye vitabu vya shule, mimi nafundisha: Mpendwa Bwana, au Mpendwa Bibi. Na kwa mkubwa yeyote unaandika "Mheshimiwa", basi. Mheshimiwa Askofu, Mheshimiwa Sheikh, Mheshimiwa RDC, Mheshimiwa Mwenyekiti. Neno moja linatosha wote, hukosei kamwe.

Katibu_Mpakani

Mwalimu, kwa hiyo na wewe hujui Mhashamu ni nani?

Frateri_Zamani

Nilikaa seminari, na miaka kadhaa nilisoma Tanzania, ambako barua za namna hii huandikwa kila siku. Mwalimu ana nusu ya ukweli. Mheshimiwa ni wa mbunge, waziri, jaji, balozi, na huku kwetu RDC naye tumemzoesha. Ukimwandikia askofu Mkatoliki "Mheshimiwa" hatakurudishia barua, lakini watu wa ofisini kwake watajua hukuzoea kuwaandikia. Askofu ni Mhashamu. Askofu Mkuu ni Mhashamu Askofu Mkuu. Askofu mstaafu bado ni Mhashamu, cheo hicho hakiishi siku ya kustaafu. Kardinali anapanda, anakuwa Mwadhama, na neno Kardinali linaingia katikati ya majina yake. Kama tungekuwa tunamwandikia marehemu Nsubuga wa Kampala baada ya kufanywa kardinali 1976, juu ya bahasha ingekuwa "Mwadhama Emmanuel Kardinali Nsubuga". Padre hapewi Mhashamu hata awe paroko wa parokia kubwa namna gani. Yeye ni Padre, au Mheshimiwa Padre ukitaka kumkweza.

Na msirundike. Niliwahi kuona "Mheshimiwa Mhashamu Dokta Baba Askofu". Cheo kikubwa kimoja kinatosha.

Katibu, mahali watu wengi wanapojikwaa ni kuchanganya anwani na salamu. Kwenye anwani, upande wa kushoto, jina linaingia: Mhashamu Askofu na majina yake, mstari wa pili Askofu wa Jimbo Katoliki la mahali fulani, mstari wa tatu S.L.P. Kwenye salamu jina halirudi tena. Unaandika "Mhashamu Baba Askofu," na koma, basi. Pengine mzee wenu hajawahi kuona salamu isiyokuwa na jina, ndiyo maana akalitafuta jina kwenye Mhashamu.

Tena, je, mliweka "Kupitia kwa Paroko"? Barua ya kamati haimrukii paroko kwenda moja kwa moja kwa Askofu. Mstari huo unakaa chini ya anwani, na paroko anatia sahihi na mhuri kabla haijatoka. Angeisoma, hiyo "mnawaalika" angeikamata hapo hapo.

Katibu_Mpakani

Niliuweka! Akaufuta! Alisema "Askofu si mtoto wa paroko"!

Mama_Pacha

Hiyo ya "mje" naielewa, imetoka kwenye Luganda. Kule mkubwa unamwambia "mwasuze mutya" hata kama amelala peke yake. Mama mkwe wangu ni Mganda, ningemsalimia kwa umoja angenifukuza jikoni. Lakini kwa Kiswahili cha barua wingi ni wingi. Heshima unaiweka kwenye cheo na kwenye kuomba: "tunakuomba kwa unyenyekevu utukubalie". U ile ile, na hakuna anayekasirika.

Jirani_Bunia

Ndugu zangu, mimi ni wa ng'ambo. Sisi askofu tunamwita Monsenyeri, kwa sababu ya Kifaransa. Nilipofika Arua nikaandika Monsenyeri kwenye barua yangu ya kwanza, katibu wa ofisi akaniambia umemshusha Baba Askofu. Kumbe kwenu Monsinyori ni padre aliyepewa heshima, si askofu. Basi nani mwenye haki?

Frateri_Zamani

Kila mmoja kwao. Barua ikibaki Uganda, usimwite askofu Monsinyori. Ikivuka Mahagi, wafuate wenyeji.

Mlokole_Imara

Mimi sioni kosa kwenye Mpendwa. Sisi sote ni wapendwa katika Bwana. Andika "Bwana Yesu asifiwe" halafu endelea na barua yako.

Mama_Pacha

Hiyo ni ya kwenu. Kwa Mkatoliki ni Tumsifu Yesu Kristo, naye anajibu Milele, Amina. Askofu wa Kianglikana mwandikie Baba Askofu na hiyo Bwana Yesu asifiwe yako, itapokelewa vizuri.

Hajji_Bombo

Nyinyi mna raha. Kamati ya shule yetu ilikuwa na barua nzuri kwa Askofu, ikaamua kuitumia hiyo hiyo kumwalika Kadhi wa wilaya. Kijana akabadilisha jina juu, akasahau kushuka chini. Sheikh mzima amepokea barua inayoisha "Wanao katika Kristo, tukiomba baraka zako za kichungaji"! Mimi ndiye niliyeipeleka kwa mkono. Aliisoma yote, akavua miwani, akanitazama, akaivaa tena.

Mkimwandikia Sheikh, anzeni "Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh", yote, msiikate ikawa "A.A." kama ujumbe wa Wasap. Mwisho "Wabillahi tawfiq", halafu jina na cheo. Kama hujui la kuweka, "Wako mtiifu" haimuudhi yeyote.

Mwalimu_Jioni

Hapo mtiifu nakataa. Mtiifu ni mfanyakazi kwa bosi wake, au raia kwa serikali. Kwa mtu ambaye hakuamrishi ni "Wako mwaminifu". Mimi siwezi kuwa mtiifu kwa Sheikh, mimi si Mwislamu.

Hajji_Bombo

Basi usiwe mtiifu, mwalimu, lakini usimwambie "wako kweli".

Frateri_Zamani

Mwalimu ana hoja, ingawa wengi hawatofautishi tena. Mimi mtiifu naiweka ninapoomba kitu kwa aliye juu yangu, mwaminifu ninapoandikia kampuni au mtu wa ngazi yangu. Kwa Askofu, Mkatoliki anaweza kumaliza kama mwana kwa baba yake, jinsi alivyofanya Katibu.

Afande_Mstaafu

Ninyi raia mnapoteza wino. Barua ya ofisi kwa ofisi haina mpendwa wala mwana. Anwani, kumbukumbu namba, YAH kwa herufi kubwa, "Husika na mada tajwa hapo juu", sahihi, jina, cheo. Kwisha. Nimeona za Watanzania nyingi, wala hazisalimii.

Mwalimu_Jioni

Ni KUH, afande. Kuhusu.

Afande_Mstaafu

YAH. Yahusu. Nimeiandika kabla hujazaliwa.

Shangazi_Nebbi

Nilisoma Kenya, tuliandika MINT. Msiniulize sana.

Katibu_Mpakani

Jamani, turudi. Huyu mtu amesimama MBELE YA WAZEE akauliza Mhashamu ni nani. Na Jumapili atakaa pale pale mbele. Niandike barua ya pili kwa Askofu au nipige simu tu?

Frateri_Zamani

Andika. Kupitia kwa Paroko. Taja barua ya kwanza kwa tarehe yake, sema mwaliko ni wa Baba Askofu na msaidizi wake, au idadi mtakayokubaliana na paroko, na kwamba barua hii ndiyo ifuatwe. Usimtaje aliyekosea, ofisi ya Askofu haihitaji ugomvi wenu. Sahihi iwe yako, bila Kny.

Boda_wa_Stendi

Wenye elimu ya barua, mimi nataka kumwandikia mwenye nyumba wangu, paa linavuja tangu mvua ya Aprili. Nianze Mhashamu?

Hajji_Bombo

Kama ametoa daraja la ushemasi kwa mtu, anza.

Mama_Pacha

Anza "Bwana" na jina lake, sema paa linavuja wapi na tangu lini, weka tarehe, baki na nakala. Peleka na nakala nyingine kwa mwenyekiti wa LC1.

Boda_wa_Stendi

Mwenyekiti wangu wa LC1? Huyo nilimwomba barua ya utambulisho ya kupeleka benki, akaandika "Kwa Yeyote Anayehusika", chini akamaliza "Wako katika kazi", jina langu akalikosea, halafu akataka pesa ya mhuri. Nilipomwambia jina limekosewa, akataka pesa ya mhuri wa pili!

Shangazi_Nebbi

Pesa ya mhuri! Kwetu anataka na soda.

Afande_Mstaafu

Mhuri wa ofisi hauuzwi. Fungua uzi wa hilo, mimi nitakuja. Na andika YAH.

Mwalimu_Jioni

KUH.