Skrini ya gari inakata simu barabarani: nibadilishe kebo, mipangilio au redio?

Mkazi wa Himbi, Goma:
Ndugu zangu, naomba ushauri. Gari langu limefungwa redio ya skrini yenye Android Auto, na simu yangu ina tundu la USB-C. Nikiwa nimeegesha nyumbani, ramani inaonekana vizuri kabisa. Lakini nikishika barabara ya Sake na kufika penye mawe, ramani inapotea na redio inarudi, na wakati mwingine haitokei tena mpaka nichomoe kebo na kuichomeka upya. Kebo yangu ni ya mita 2, niliichagua ndefu ili abiria wa nyuma naye aweze kuchaji. Je, redio ndiyo imeharibika?

Kijana wa Kadutu:
Redio ni nzima, kaka. Fungua mipangilio ya wasanidi kwenye simu, uweke USB iwe ya kuhamisha faili, kwa maana simu nyingi zikichomekwa huanza kwa kuchaji tu.

Fundi redio, Katindo:
Kijana amegusa jambo la kweli, ila halihusiani na kukatika barabarani. Android Auto hubadilisha yenyewe namna simu inavyozungumza na redio, kwa hiyo mpangilio huo si sharti. Faida yake ni kupima kebo: ukiichomeka simu kwenye kompyuta na kuona faili zake, umejua kwamba nyaya za data zipo.

Wewe wa Himbi, kabla hujatoa hata faranga moja, mwombe mtu akae kando yako aangalie alama ya kuchaji wakati ramani inapopotea. Ikizimika pamoja na ramani, umeme wenyewe umekatika, na mara nyingi plagi inacheza ndani ya tundu la simu au la gari. Ikibaki inawaka, tatizo liko kwenye nyaya za data au ndani ya simu yenyewe.

Mama wa Majengo:
Mimi yangu haikatiki, kwa sababu haijawahi hata kuonekana! Inachaji, na muziki unasikika kwa Bluetooth, lakini ramani hakuna. Nifanye nini?

Fundi redio, Katindo:
Mama, baadhi ya kebo za bei ndogo huwa na nyaya mbili tu za umeme, na data haina pa kupita. Muziki unaosikia hautumii kebo hata kidogo. Ukijaribu kebo inayosoma faili na hali ikabaki ileile, angalia kama tundu unalotumia si lile la kuchajia tu, maana magari mengi yana matundu mawili yanayofanana.

Mkazi wa Himbi, Goma:
Mke wangu ameangalia, na jibu limetuchanganya. Penye mawe alama ya kuchaji inazimika pamoja na ramani. Lakini tuliposimama kwenye foleni, skrini ya simu ikiwa imezimika, ramani ilipotea huku simu ikiendelea kuchaji.

Fundi redio, Katindo:
Basi hayo ni matatizo mawili. Kwa lile la mawe, zima simu, umulike ndani ya tundu lake, kisha utoe vumbi taratibu kwa kijiti cha mbao, usitumie sindano. Vumbi letu la volkano hujishindilia humo mpaka plagi haifiki mwisho. Ukiona inabaki wazi kidogo, au inalegea ukiigusa, ndiyo dalili. Halafu tafuta kebo isiyofika mita 1, uichomeke moja kwa moja kwenye gari bila kiunganishi cha katikati. Fanya hivyo kwa zamu, ujue kipi kimesaidia.

Kwa lile la foleni, ingia Paramètres, kisha Applications, Android Auto, Batterie, uiruhusu ifanye kazi bila vikwazo. Simu inayobana betri hulaza programu hiyo pindi skrini inapozimika.

Mkazi wa Himbi, Goma:
Nimeanza na tundu, na vumbi lililotoka limenishangaza. Kwa kebo ileile ndefu, ramani ilikatika mara chache zaidi penye mawe, lakini haikuacha. Nilipoweka kebo fupi niliyoazima kwa jirani, ikatulia. Baada ya kuondoa vikwazo vya betri, haijapotea tena kwenye foleni. Kilichobaki ni kwamba nikichomeka simu kabla ya kuwasha injini, ramani inakatika palepale.

Fundi redio, Katindo:
Hiyo ni stata: inavuta umeme mwingi, na redio hujizima kidogo. Washa injini kwanza, ndipo uchomeke. Ikikatika hata hivyo, nitataka kupima betri ya gari na waya wa ardhi wa redio, na hayo siwezi kuyaamua kwa maandishi.

Kijana wa Kadutu:
Na je, abiria wa nyuma atachaji wapi sasa?

Mkazi wa Himbi, Goma:
Kwenye tundu la kiberiti, na kebo ile ya mita 2.