Naomba ushauri: kusafisha chati ya WhatsApp bila kuifuta

Habari zenu wakuu. Natumia WhatsApp kwenye Android. Nina chati moja ya kazi iliyojaa video na voisi, simu imeanza kuishiwa nafasi. Nataka vilivyomo viondoke, ila chati ibaki kwenye orodha na mwenzangu asipoteze kitu upande wake.

Nimejaribu kwanza kwenye chati ya mdogo wangu: nukta tatu, More, halafu Clear chat. Chati ilibaki pale pale, tupu, na kwake meseji zote zipo. (Delete for everyone siigusi kabisa, hiyo inaondoa hadi kwa mwenzako.) Historia ya simu niliisafisha kwenye Calls kwa Clear call log, meseji hazikuguswa.

Ninapokwama ni kwenye bekapu. Ya mwisho iliyopo Google Drive bado ina meseji hizo. Nikisafisha leo kisha nikahamia simu nyingine kabla ya bekapu mpya, zitarudi zote? Na meseji za makubaliano nilizoziwekea nyota, nikiondoa tiki ya kufuta zenye nyota, zinabaki ndani ya chati ileile?

Natanguliza shukrani.