Naomba ushauri: shiti ya stoo ya duka la rejareja, iniambie lini niagize mzigo

Mangi_Kihonda
Wakuu habari za jioni. Nina duka la rejareja Kihonda hapa Morogoro: sukari, unga, mchele, mafuta ya kupima, sabuni, viberiti na vikorokoro vingine. Nimefungua Google Sheets kwenye simu, nimeandika majina ya bidhaa na kolamu moja ya "kilichobaki". Kila jioni nafuta namba ya jana naweka ya leo.

Shida ni kwamba sukari ikipungua sijui imeuzwa, imepelekwa nyumbani, au dogo anayenisaidia kauza akasahau kusema. Halafu nagundua mzigo umeisha mteja akiwa ameshasimama kaunta. Nataka niandike kinachoingia na kinachotoka, shiti yenyewe inipigie kelele wakati wa kuagiza. Programu za kulipia kila mwezi sizitaki. Nianzie wapi?

Kobe Mwendo
Rahisi sana mkuu. Kwenye shiti yako hiyohiyo ongeza kolamu ya ingia na kolamu ya toka, baki ni kutoa tu. Kiwango cha kuagiza weka 10 kwa kila kitu. Ikifika kumi, agiza. Mimi naenda hivyo na duka lipo.

Karani Mstaafu
Kutoa ni sawa, Kobe, ila ukiwa na seli moja tu ya "toka" kwa sukari, kesho utaandika wapi? Utafuta ya leo, na aliyeuliza amerudi palepale alipo.

Mangi, tenganisha shiti mbili ndani ya faili moja. Ya kwanza iite MIENDO, na hiyo ndiyo daftari. Kila kitu kinapoingia au kutoka unaongeza mstari mmoja chini, hufuti cha juu. Kolamu A tarehe, B bidhaa, C aina (INGIA au TOKA), D idadi, E maelezo: "kauza dogo", "nyumbani", "panya". Mzigo uliopo leo dukani uhesabu, uingize kama INGIA, maelezo "mwanzo".

Ya pili iite BIDHAA. A jina, B kipimo, C kiwango cha kuagiza. D, E, F na G usiziandike kwa mkono kamwe, zinajihesabu. Kwenye mstari wa 2, kuanzia D hadi G:

```
=SUMIFS(MIENDO!$D:$D,MIENDO!$B:$B,$A2,MIENDO!$C:$C,"INGIA")
=SUMIFS(MIENDO!$D:$D,MIENDO!$B:$B,$A2,MIENDO!$C:$C,"TOKA")
=D2-E2
=IF(F2<=C2,"AGIZA","")
```

Kisha unazivuta chini hadi bidhaa ya mwisho. Sasa ukitaka kujua sukari imekwenda wapi, unachuja MIENDO kwa jina la sukari na kusoma maelezo.

Mangi_Kihonda
Nimejaribu, inaniletea neno la kosa hata kabla sijamaliza. Nimenakili kama ulivyoandika.

Tina wa Stesheni
Angalia mkato. Faili nyingine, kutegemea nchi iliyochaguliwa kwenye mipangilio, zinataka nukta mkato `;` badala ya mkato `,` kati ya vipande vya fomula. Badilisha zote uone. Na jina la shiti liwe MIENDO hasa, usiache nafasi mwishoni.

Mangi_Kihonda
Ilikuwa nukta mkato, asante dada. Sasa sukari inasoma vizuri ila mchele unasema 0, na nimeingiza kilo 100 jana.

Karani Mstaafu
Nakisia kwenye MIENDO umeandika "Mchele " na kuna nafasi nyuma ya herufi ya mwisho. Kibodi ya simu hupenda kuiongeza ukichagua neno linalopendekezwa. Kwako wewe ni mchele, kwa SUMIFS ni bidhaa nyingine kabisa. Herufi kubwa na ndogo haisumbuki nazo, nafasi inasumbuka nayo.

Dawa ni kutoandika jina kabisa. Chagua kolamu B ya MIENDO, nenda Data validation, chagua "Dropdown (from a range)", uielekeze kwenye `BIDHAA!A2:A200`. Fanya hivyo hivyo kolamu C, orodha ya INGIA na TOKA tu. Kwenye seli moja pembeni ya BIDHAA, nje ya kolamu A hadi H, weka hii:

```
=SUM(MIENDO!D:D)-SUM(D2:E200)
```

Lazima isome 0 siku zote. Ikisoma 100, kuna mstari wa 100 kwenye MIENDO ambao hakuna bidhaa inayoutambua. Hapo ndipo mchele wako ulipo.

Kuna kosa moja seli hiyo haitalikamata: mtu akiandika "5kg" badala ya 5. Hayo ni maneno, si namba, kwa hiyo pande zote mbili zinayaruka. Utaona kwa macho, kwa sababu namba hukaa kulia mwa seli na maneno hukaa kushoto.

Mangi_Kihonda
Ni nafasi kweli! Inasoma 0 sasa. Swali la sukari: gunia la kilo 50 likiingia naandika 1 au 50?

Karani Mstaafu
Andika 50. Kipimo ni kile unachouzia, siyo unachonunulia. Ukiingiza gunia 1 na kutoa kilo 2, salio litakuwa hasi 1 na utamlaumu dogo bure. Mafuta ni lita, sabuni ni mche, katoni ikija unaandika idadi ya miche iliyomo.

Na ukipima sukari nusu nusu, gunia la 50 halitoi 50. Kiganja kizito kidogo, kinachomwagika, kinachobaki kwenye mfuko. Gunia likiisha na shiti inasema bado kuna kilo na nusu, usirudi kufuta mistari. Ongeza TOKA 1,5 kwa mkato, maana faili yako ya nukta mkato haisomi 1.5 kama namba, maelezo "upungufu wa kupima". Baada ya magunia kadhaa utajua kiasi cha kawaida, na siku ikiwa kilo sita utajua si kiganja.

Bibie wa Dawa
Samahani naingilia. Mimi nina duka la dawa, shida yangu ni tarehe za kuisha. Shiti inaniambia nina pakiti 40 kumbe 15 zinaisha mwezi ujao. Fomula hii itanisaidia?

Karani Mstaafu
Kwa ilivyo, hapana. Inajumlisha za zamani na mpya pamoja. Ungehitaji kila mzigo uwe na mstari wake BIDHAA, jina na tarehe yake ya kuisha, na muuzaji achague mzigo sahihi kila anapouza. Ni kazi nyingine, fungua uzi wake tuijadili vizuri.

Kobe Mwendo
Turudi kwenye kiwango. Sawa, 10 kwa vyote nimeelewa haifai, kumi za viberiti si kumi za unga. Basi chukua mauzo ya siku mara siku za kusubiri mzigo. Mangi, sukari unauza ngapi kwa siku na mzigo unachukua muda gani?

Mangi_Kihonda
Kilo 8 hivi, siku nzito kama mwisho wa mwezi inafika 11. Napiga simu Jumatatu asubuhi, gari la jumla linashusha Alhamisi asubuhi. Linapita mara moja tu kwa wiki.

Kobe Mwendo
Siku 3 mara 8, kilo 24. Weka 24 umemaliza.

Karani Mstaafu
Ingekuwa hivyo kama angeweza kuagiza siku yoyote. Tembea na kalenda, Kobe. Jumatatu asubuhi ana kilo 40. Shiti inaona 40 ni zaidi ya 24, inanyamaza, hapigi simu. Jumatatu hadi Ijumaa zimekwenda 8 mara 5, sukari imeisha. Alhamisi gari limepita bila mzigo wake. Jumamosi hadi Jumatano ijayo hana sukari, na hata Jumatatu akipiga simu inafika Alhamisi.

Swali la kujiuliza Jumatatu ni hili: nisipoagiza leo, mzigo mwingine utanifikia lini? Jibu ni Alhamisi ya wiki inayofuata, siku 10. Kilo 8 mara 10 ni 80. Ongeza akiba: tuseme nusu ya siku hizo ni nzito, kilo 3 za ziada mara 5 ni 15. Kiwango cha sukari ni 95. Akiwa na 40, amepungukiwa 55.

Kwa vitu anavyoweza kufuata mwenyewe jumla ya jirani siku yoyote, hapo hesabu yako ya siku za kusubiri inatosha.

Mangi_Kihonda
55 hainunuliki, ni gunia moja au mawili. Na 8 yangu ni ya kukisia.

Karani Mstaafu
Gunia moja linakufikisha 90, wiki ya kawaida linatosha. Mwisho wa mwezi ningechukua mawili kama pesa ipo, wewe ndiye unayejua mtaa wako.

Kasi ya kweli utaipata MIENDO ikishajaa wiki nne, kwenye BIDHAA mstari wa 2, kolamu tupu nje ya A hadi H:

```
=SUMIFS(MIENDO!D:D,MIENDO!B:B,A2,MIENDO!C:C,"TOKA",MIENDO!A:A,">"&TODAY()-28)/28
```

Ila kama ndani ya wiki hizo sukari iliisha siku 7, gawa kwa 21. Siku ambazo rafu ilikuwa tupu hazikuwa siku za mauzo kidogo, na usipozitoa shiti itakushauri uagize kidogo zaidi, uishiwe tena.

Tina wa Stesheni
Nyongeza. Ukishapiga simu, AGIZA itaendelea kuonekana mpaka mzigo uingie. Kwetu mimi niliagiza asubuhi, mume wangu akaona AGIZA jioni naye akaagiza. Weka kolamu H, "njiani", na G iwe:

```
=IF(F2+H2<=C2,"AGIZA","")
```

Mzigo ukishuka unaandika INGIA na kufuta H palepale. Ukisahau kuifuta, shiti itakaa kimya huku duka linaisha.

Mangi_Kihonda
Kinachonipa wasiwasi ni kuandika kila kiberiti kinachouzwa. Dogo hataweza, jioni foleni ya watoto wa mia mbili mia mbili.

Karani Mstaafu
Usimtese. Viberiti, pipi na majani ya chai hesabu kila Jumapili usiku, tofauti na salio la shiti iandike TOKA mstari mmoja. Sukari, unga, mchele na mafuta ndiyo andika kila siku.

Tina wa Stesheni
Hapo sikubaliani na karani. Ukihesabu kwa wiki hutajua kilichoibiwa na kilichouzwa, vyote ni TOKA. Mimi naandika vyote, kipande cha karatasi kaunta, vijiti vinne na cha tano kinakata, usiku naingiza jumla.

Karani Mstaafu
Tina ana hoja, kama kuna mtu wa kuandika vijiti hivyo saa moja jioni.

Mangi_Kihonda
Naanza na sukari, unga, mchele na mafuta kwanza, karatasi ya vijiti nitaijaribu kwa sabuni. Jumatatu nitaleta mrejesho shiti ilichosema kabla sijapiga simu.